Kisutu Sebuleni kwa Shigela

Mimi sijui kutulia. Mama yangu husema nilizaliwa njiani kati ya Ngulyati na zahanati, na kwamba tangu siku hiyo bado sijafika. Hata haya ninayoyaandika nimeshayaacha mara tatu. Mara nimeinuka kutazama maharage, mara lori limepita nikaenda mlangoni kuliangalia kana kwamba limebeba mzigo wangu, mara nimekumbuka jambo nisilopenda kulikumbuka nikaenda kufagia ua uliokwisha fagiwa. Jambo lenyewe linamhusu Rehana, aliyeshona nami baraza moja pale Bariadi mjini kwa miaka minne na ushei. Watu wanaomkumbuka humkumbuka vibaya au humkumbuka nusu, na mimi ndiye niliyesababisha.

Alikuja mwaka tisini na tano, soko huria lilipopamba moto. Kabla ya hapo pamba yote ilikuwa inakwenda kwenye chama cha ushirika, ukitaka usitake. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia na mizani zao na magunia, na mji mzima ukashikwa na kiwewe cha biashara. Mwalimu anauza sukari, karani anauza mafuta ya taa, padri mmoja alisemekana ana mashine ya kusaga. Hakuna aliyekaa. Na mimi niliona wenzangu hatimaye wameugua ugonjwa wangu.

Mumewe Rehana, Hamza, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipanga fremu ya duka kwa Joakim Shigela, karani wa zamani wa ushirika aliyepunguzwa kazi akajenga kwa kiinua mgongo chake. Kwenye baraza la fremu hiyo ndiko nilikokuwa nimeweka cherehani yangu miaka miwili kabla yao. Nilikuwa nashona sare za shule, kaptura za kaki na sketi za bluu, na jioni nafuma vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye makochi. Siku Hamza anafungua duka, Rehana alitoka na cherehani yake ya miguu, akaiweka hatua mbili kutoka yangu, akasema, "Shoga, hujambo? Naona tumeandikiwa kutazamana."

Alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, mwenye maneno. Alikuwa ameshahamishwa mara nne na mume asiyekaa mahali. Walianzia Tanga, wakaenda Dodoma, wakaenda Tabora, wakaenda Shinyanga, na kila alipoanza kupata wateja Hamza alikuwa anasikia habari za mji mwingine wenye pesa. "Hapa sihami tena," aliniambia wiki ya kwanza. "Nimechoka kujifunza majina ya majirani." Nilimpenda kwa neno hilo, na nilimwonea wivu kwa mengine yote.

Maana Rehana hakushona kaptura. Alichukua khanga na vitenge vilivyokuwa vinauzwa sokoni, vile vile tulivyokuwa tunajifunga kiunoni na kubebea watoto, akavigeuza kuwa mapambo ya nyumba. Sikuwahi kuona. Kwanza alikuwa anakilowesha kitambaa usiku kucha katika maji ya chumvi, anakifua, anakianika kivulini. "Khanga mpya imelishwa wanga," alinieleza. "Ukiishona hivi hivi, siku ikifuliwa inarudi ndani na foronya yako inakuwa kofia." Halafu anaipiga pasi ya mkaa, anaikunja mara nne kutafuta kati ya ua, na ndipo anakata, ili ua likae katikati ya mto wala lisiende kujificha pembeni. Kwa sababu khanga ni nyepesi, ndani yake alikuwa anatia kitambaa kizito cha marekani. Zipu zilikuwa ghali, kwa hiyo nyuma ya foronya aliweka vipande viwili vinavyopandana kiganja kizima, mto unaingizwa hapo na hauchungulii. Zile pindo ndefu za khanga hakuzitupa. Alikuwa anaziunga ncha kwa ncha, anazitia bitana, anapata kitambaa kirefu cha kupita katikati ya meza, kikining'inia huku na huku. Na cha ukutani alikikunja juu akashona mfereji wa kupitisha fimbo, na chini vile vile, ili kining'inie kimenyooka.

Wake za maofisa wakaanza kuja. Walikuwa wanapita mbele ya cherehani yangu, wananisalimia, "Mama Eliza, habari za kazi," halafu wanakwenda kukaa kwake. Vitambaa vyangu vyeupe vikaanza kushika vumbi. Sitasema uongo, niliumia.

Basi Shigela akaamua kujenga nyumba ya wageni nyuma ya fremu zake. Vyumba vinane na sebule moja kubwa, kwa ajili ya wanunuzi wa pamba ambao hawakuwa na pa kulala isipokuwa ndani ya magari yao. Nilijua sebule ile ingehitaji vitambaa, na nilijua Shigela ananifahamu tangu shule ya msingi. Nikangoja aniite. Siku alipokuja barazani nilinyoosha gauni langu, lakini alinipita.

"Mama," alimwambia Rehana, "nipambie sebule yangu. Mito minane, kitambaa cha meza ndefu, na kitu kikubwa cha ukutani. Mimi nakwenda Mwanza kuhangaikia vitanda, nikirudi narudi na wageni wenyewe. Sitaki kukuchagulia. Weka kitu cha heshima." Akamwachia ufunguo.

Neno "heshima" ndilo lililotuponza sote. Rehana alilichukua kwa uzito. Siku ile hakushika kazi nyingine. Mchana aliingia ndani ya duka, akatoka na doti tatu za khanga alizokuwa amezihifadhi chini ya sanduku, akafungua moja mbele yangu juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, imejaa vidoti na alama ndogo ndogo kama misalaba, haina maneno yoyote.

"Kisutu," alisema, na sauti yake ilishuka kama mtu aliyeingia msikitini.

Mkono wangu ulisimama kwenye gurudumu la cherehani. Mimi ni mtoto wa Ngulyati. Jirani yetu alikuwa nfumu, mganga mkubwa wa watu na ng'ombe, na nyumba ile ndogo ya mizimu katika mji wake ilikuwa imetundikwa kitambaa hiki hiki. Nyekundu, nyeupe, nyeusi. Tulikuwa tunapita pale tukiwa wadogo tumeshikana mikono, hatuongei. Mwanamke akikijifunga kiunoni hakuna atakayegeuza shingo, ni nguo kama nguo. Lakini kitundike ukutani, kitandike mbele ya mlango, ukae juu yake, na kila Msukuma aliyekulia kijijini atajua yuko kwa nani.

Nikafungua mdomo. Nakumbuka kabisa kwamba niliufungua.

Rehana aliniona. "Unakishangaa, eeh? Kizuri mno. Wewe endelea na kaptura zako, shoga, haya mambo yanataka jicho." Akacheka. Ulikuwa utani wa kwao, watu wa pwani hutaniana hivyo hata msibani, na angeniudhi hivyo siku nyingine ningemjibu tukacheka wote. Siku ile nilifunga mdomo. Nikakanyaga cherehani, na sare ya mtoto wa watu nikaishona mfuko ndani nje.

Siku kumi alishona. Kitambaa alikuwa anakikatia barazani mapema, mji haujaamka, lakini alishonea ndani ya duka ili vumbi la barabara lisichafue ule weupe, kwa hiyo wapita njia hawakuona kitu. Mimi niliona. Siku kumi sikula vizuri. Kila asubuhi nilijiambia leo nitasema, na kila asubuhi nilikuta sababu mpya: leo ana haraka, leo Hamza yupo, leo ameshakata, kukata ndiko kubaya, sasa nikisema itasaidia nini. Nilianza kumsaidia kukunja upindo wa kitambaa cha meza, nikidhani nikimsaidia dhambi itapungua. Vidole vyangu vikashona vizuri kuliko siku zote. Hilo nalo liliniudhi.

Shigela alirudi Jumamosi ya mnada, mchana, na wageni watatu. Wawili walikuwa wanunuzi kutoka Mwanza, wenye viatu vya kung'aa. Wa tatu alikuwa Mzee Ndaki wa Lingeka, mtu wa ng'ombe wengi na pamba nyingi, ambaye akisema neno vijiji vitatu vinauza pale anaposema yeye. Wanunuzi walikuwa wamemfuata mnadani kumbembeleza, na Shigela alikuwa amewaahidi kuwakalisha wote meza moja. Nilikuwa nimesimama kwenye ukumbi, Rehana kaniomba nimsaidie kumalizia. Alikuwa ametundika kile kikubwa ukutani mkabala na mlango, mito minane imekaa juu ya makochi kama maharusi, na ile pindo nyekundu imepita katikati ya meza. Kusema kweli ilikuwa sebule nzuri kuliko zote nilizopata kuziona.

Kwa heshima walimtanguliza mzee. Akafika kizingitini, akatazama ukutani, akasimama. Akavua makubazi yake. Fimbo akailaza nje. Akaingia ameinama, akapita makochi yote, akaketi sakafuni mbele ya kile kitambaa, akakunja miguu. Kisha akafungua fundo la shuka lake, akatoa noti moja, akaiweka chini kwa mikono miwili, akauliza kwa Kisukuma kwa sauti ya chini kabisa nfumu yuko wapi, na kama ataweza kumwona leo.

Mnunuzi mmoja akacheka. Nadhani hakukusudia ubaya, lakini alicheka kwa sauti, na mwenzake naye akacheka, na Shigela akabaki ameachama. Mzee Ndaki akageuka, akaona viatu vinavyong'aa, akaona chupa za soda zilizopangwa, akaelewa. Sijapata kuona mtu mzima akiumbuka vile. Akaokota noti yake. Akavaa makubazi, taratibu, moja halafu la pili, akachukua fimbo na kuondoka bila kuaga. Kwa Msukuma wa umri wake kuondoka bila kuaga ni kutukana.

Rehana alikuwa ananitazama. "Amefanya nini? Mama Eliza, amefanya nini yule baba?"

Shigela ndiye aliyemjibu. Alichukua mto mmoja baada ya mwingine na kuitupa uani, akang'oa kile cha ukutani na fimbo yake, akavitupa vyote. Akasema kwamba watu watasema amejenga nyumba kwa dawa, kwamba amefuga mizimu ili atajirike, na nani atalala humo. "Na wewe," alimwambia Hamza aliyekuja mbio, "hiyo fremu ni yangu. Mpaka Mzee Ndaki arudi akae kwenye kiti sebuleni kwangu, sitaki kumwona mkeo kwenye baraza langu. Nakupa mpaka mnada ujao. Asipokaa, fungeni mizigo."

Siku saba. Habari ilikwenda sokoni kabla yetu. Jumatatu wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonewa. Mmoja hakumtazama Rehana usoni, alinyoosha mkono tu. Mgeni ni kuku mweupe, hana pa kujificha. Hamza, kusema kweli, hakuonekana mwenye huzuni. Alikwisha kuanza kusema habari za Kahama.

Rehana alikuwa amekaa ndani ya duka, mito imelundikana miguuni. Hakuwa analia. Alikuwa anaondoa majani na mavumbi kwenye kitambaa, kimoja kimoja, kwa ukucha.

"Mama yangu alikivaa hiki," alisema. "Siku ya kuolewa kwake, na mimi nilikivaa yangu. Kwetu bibi harusi hatoki bila kisutu. Hakuna nguo iliyo juu yake. Bwana Shigela kaniambia niweke cha heshima, nikaweka kile ambacho ni... Nikaweka changu." Akanitazama. "Kwenu ni cha nini?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kama kawaida yangu. Ningeweza kumweleza tu kile ni cha nini, basi, nikawa mwenyeji mwema anayemfundisha mgeni. Hakuna ambaye angejua.

"Ni cha waganga," nilisema. "Na mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ulipokifungua mezani. Kabla hujakata."

Nje mtu alikuwa anapigania bei ya ndoo. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane, maana watu wa pwani wanajua kutukana na ningepata nafuu. Hakunitukana.

"Siku kumi," alisema. "Ukanikunjia na upindo."

"Ndiyo."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hili maisha yangu yote, sikujua siku moja nitalishona." Akainuka, akachukua wembe, akaniwekea mkononi. "Kaa chini. Fumua."

Nikakaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kukaa mchana kutwa tangu nizaliwe. Nilifumua foronya zote nane bila kuchana bitana, maana marekani ilikuwa nzima na ingefaa tena. Kesho yake tukaenda sokoni pamoja, na safari hii alikuwa anashika kitambaa, ananitazama usoni, anangoja. Hiki? Hapana, hicho chenye weusi mwingi utaambiwa ni msiba. Hiki? Hicho kina nembo ya chama cha siasa, wanunuzi wengine watanuna. Mwisho nikamwonyesha kitenge cha kijani na manjano, chenye majani mapana na vitumba vinavyofanana na vitumba vya pamba vinavyopasuka. Kila mwanamke wa Ngulyati alikuwa anakijua. Mama yangu alikuwa na gauni lake.

"Kina ua kubwa," alisema Rehana akikipima kwa mkono. "Yadi sita hazitoshi kama nitaweka kila ua katikati. Kitambaa kitapotea kingi."

"Mito ipate ua kwa mbele tu. Nyuma weka mabaki, nani atageuza mto?"

Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akanitazama kama mtu anayetazama mtu. "Fundi mbaya ndiye anayesema hivyo," alisema. Lakini tulifanya hivyo, na mabaki tukayaunga kwa ustadi hata usione. Cha ukutani tulikitia marekani nzito ili kisikunjamane, na cha mezani tukakitengenezea pindo la kijani kitupu. Kufika Ijumaa kazi ilikuwa imekwisha. Shigela aliiona, akaguna, akasema ni nzuri, lakini sharti lake ni lile lile, mzee akae.

Na mzee hakuwa na sababu ya kukaa. Jumamosi asubuhi nikaenda mnadani peke yangu. Nilimkuta Mzee Ndaki amesimama kati ya ng'ombe wake, anamkagua dume mmoja meno. Nikapiga magoti pale pale kwenye mavi ya ng'ombe.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamwambia wa nani, na wa Ngulyati. Nikamwambia kwamba yule mama wa pwani hakukusudia kumdhihaki mtu. Kwao kile kitambaa ni cha bibi harusi, hajui desturi zetu, na mtu pekee aliyejua ni mimi, na mimi nilinyamaza.

"Ulinyamaza kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa na majibu manne. Yote yalikimbia.

"Wivu, baba. Kazi walimpa yeye, hawakunipa mimi."

Mzee aliacha meno ya dume. Akanitazama, ng'ombe wakitusukuma huku na huku. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nikatambua anacheka, cheko la chinichini.

"Basi sikukosea sana kuvua viatu," alisema. "Nyumba yenye wivu huingii na makubazi."

Akauza dume wake kwanza, hakuwa mtu wa kuacha biashara kwa ajili ya maneno. Saa saba nilimwona anakuja barabarani na fimbo yake, na nyuma yake wakulima wanne wa Lingeka. Rehana alikuwa amejificha nyuma ya pazia la duka, nasikia anavyopumua. Nikawafuata nyuma hadi sebuleni. Mzee akafika kizingitini, akatazama ukutani, akaona majani na vitumba. Akaingia na makubazi yake. Akachagua kochi la mkabala na mlango, akaketi, akavuta mto mmoja akaugeuza nyuma.

Nilitaka ardhi inimeze. Yale mabaki.

Alipitisha kidole gumba kwenye maungo, polepole, kama anavyokagua ng'ombe. "Nani kashona?"

"Ni sisi wawili, baba," nilisema.

"Wabeja," alisema, asante, akauweka mto mgongoni mwake na kuegemea. Shigela akaleta soda.

Rehana na Hamza wakabaki. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwanza wale wasiojali, baadaye hata wale waliokuwa wamenyoosha mkono bila kutazama. Lakini wapo ambao hawakurudi kamwe, na hadi leo ukimtaja Rehana kwa watu fulani watasema, "Yule wa mizimu?"

Mimi na yeye hatukulizungumza tena. Ila alianzisha jambo. Kila kitambaa alichotaka kukata, hata cha foronya moja, alikuwa anakifungua juu ya meza mbele yangu, anaweka mkasi chini, anasema, "Sema." Anangoja. Na mimi ni lazima niinuke kwenye kaptura zangu, nikitazame, niseme chochote nilichonacho: rangi hii itachuja, ua hili limesimama kichwa chini, hiki mama mkwe atadhani anasimangwa. Kama sina neno, niseme sina. Mwanzoni nilikuwa naona ananiadhibu, na nadhani alikuwa ananiadhibu. Mwaka wa pili wateja walianza kutuletea kazi wote wawili. Mwaka wa tatu nilijikuta nakitazama kitambaa kabla hajasema.

Hamza alitulia miaka minne, ambayo kwake ilikuwa ajabu. Mwaka tisini na tisa alianza tena habari za Kahama, dhahabu, watu wanaokota pesa. Safari hii alienda, akapanga duka, akarudi kuchukua mizigo. Rehana hakuniambia kitu. Wiki nzima nilimwona anafunga vitu, na mimi nilikuwa nashona, nashona, nainuka, nakunywa maji, naketi, nainuka.

Asubuhi ya kuondoka, lori likiwa limeegeshwa, alitoka na kitambaa kimekunjwa. Meza ya kukatia ilikuwa imekwisha pakiwa, akakifungua juu ya cherehani yangu. Kilikuwa kile kisutu cha ukutani, amekifua na kukipiga pasi, mfereji wa fimbo umeshonwa upya. Hakuwa na mkasi. Mikono ilikuwa mitupu.

"Sema," alisema.

Sikukitazama kitambaa.

"Usihame," nilisema. "Mimi sitaki uhame. Nilitaka kusema tangu Jumanne."

Machozi yalimtoka papo hapo, hakuyafuta. "Jumanne," alisema, "Hamza alikuwa hajalipa lori." Akacheka huku analia, akanishika mabega. "Lakini umesema mwenyewe, Mama Eliza. Sikukuuliza hilo."

Akapanda. Nilisimama barabarani hadi vumbi likatulia, na vumbi la Bariadi kiangazi halitulii upesi.

Kitambaa nilikitundika sebuleni kwangu, mkabala na mlango. Mume wangu alikipita tu, ananijua. Pasaka iliyofuata mama yangu alikuja kutoka Ngulyati, akafika kizingitini na kusimama. Nikaona mkono wake unashuka kuelekea viatu.

"Mama, usivue," nilisema. "Hiki ni cha bibi harusi. Ni cha rafiki yangu."

"Nani kakudanganya?"

"Yeye mwenyewe aliniambia. Mimi ndiye ambaye sikumwambia."

Mama hakuelewa, na sikumweleza. Aliingia na viatu vyake, akaketi pembeni kabisa ya kochi, karibu na mlango. Nikaenda nikaketi chini ya kile kitambaa, na siku hiyo sikuinuka hadi chai ikaisha.